Kukataa Bila Kusema Hapana

Mwalimu anaingia dukani kwa jirani yake anayeuza vifaa vya ujenzi, mzee aliyemzidi umri. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. "Nzuri tu, mzee," anasema mwalimu, "ila kijana kapangiwa shule ya bweni. Godoro na sare ndivyo vinavyotuhangaisha." Hajaomba kitu, lakini wote wawili wameshajua mazungumzo yanaelekea wapi.

Mwaka 1955 mwanasosholojia Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, aliandika kwamba kila mtu akiwa mbele ya wenzake hudai heshima fulani. Heshima hiyo aliiita uso. Uso hauko mikononi mwa mwenyewe peke yake, kwa sababu wanaomtazama wanaweza kumsitiri au kumuumbua. Mwaka 1978 Penelope Brown na Stephen Levinson wakaiendeleza hoja hiyo kwa kulinganisha Kiingereza, Kitamili cha kusini mwa India na Kitseltali, lugha ya Wamaya wa Meksiko. Walisema uso una pande mbili: mtu anataka kupendwa na kukubalika, na pia anataka kuachwa huru, asibanwe. Mkopo wa mwalimu unagusa pande zote mbili. Akiomba, anambana mzee. Mzee akikataa, mwalimu ataona hathaminiwi.

Ndiyo maana habari ya godoro imetangulia. Mzee akitaka kujitoa, anaweza kujibu, "Pole sana. Hata sisi biashara imelala, tunasukuma siku tu." Hapo hakuna aliyeomba wala aliyenyima, na kesho watasalimiana kama kawaida. Lakini akiuliza, "Kwani umepungukiwa na kiasi gani?" basi mlango umefunguliwa, na mwalimu sasa anaweza kusema wazi: "Nilikuwa nakuomba, mzee, kama utakuwa na nafasi, uniazime elfu hamsini. Mshahara ukitoka tu nakurudishia."

Tazama alivyolipanga ombi hilo. Anaomba sasa hivi, lakini anasema "nilikuwa," kana kwamba ni wazo la jana ambalo bado linaweza kuachwa. "Kama utakuwa na nafasi" inamkabidhi mzee sababu ya kukataa, tayari imeshonwa. Ahadi ya mshahara inaupunguza mzigo wenyewe. Brown na Levinson wangesema mwalimu amepima mambo matatu: ukaribu wao, nani ana uwezo juu ya mwenzake, na jambo lenyewe linahesabiwa kuwa zito kiasi gani katika jamii yao. Uzito ukizidi, maneno nayo huzunguka zaidi. Kwa mdogo wake anayekula naye sahani moja angesema tu, "Nipe chumvi," na hakuna ambaye angenuna. Tena akimwambia, "Samahani, naomba unisogezee chumvi kama hutajali," mdogo mtu angejiuliza amekosa nini.

Lawama nazo zina njia zao, na sarufi yetu inasaidia sana. Mke wa mtu akionja mchuzi aliopika wifi yake atasema, "Chumvi imezidi kidogo." Hasemi "umezidisha." Kosa linatajwa na mkosaji anaachwa pembeni, kama vile chumvi ilijimwaga yenyewe. Sijui kwa nini maofisini watu wameiacha njia hii wakashika ile ya "kazi yako ni nzuri, ila..." Siku hizi mtu akisifiwa tu, anakaa kuisubiri hiyo "ila."

Si kila adabu, hata hivyo, ni mbinu ya kulainisha jambo. Mwaka 1989 Sachiko Ide, mwanaisimu wa Japani, alipinga hapo: katika Kijapani, alisema, namna nyingi za heshima si za kuchagua, bali humtaka msemaji atambue nafasi yake mbele ya mwenzake. Naona ana haki. Shikamoo ya mwalimu haikuwa utangulizi wa mkopo. Angeitoa hata kama angekuja kununua misumari.

Kasoro ya maneno ya kuzunguka ni kwamba yanaweza kupotea njiani. Tuseme mzee anajibu, "Inshallah, tutaangalia." Mwalimu akilichukua hilo kuwa ahadi, akaenda kukopa godoro dukani kwa mtu mwingine, ugomvi utazuka ambao hakuna aliyeukusudia. Wazoefu hawasikilizi neno "inshallah" lenyewe, kwani hata mwenye nia ya kutoa hulisema. Wanasikiliza kinacholifuata. Anayetaka kutoa huingia kwenye mahesabu: unazihitaji lini, nikutumie kwa simu au utapita mwenyewe, nusu leo na nusu Ijumaa itafaa? Asiyetaka hataji siku. Hunyamaza kidogo kabla ya kujibu, huvuta pumzi, hueleza shida zake kwa urefu, kisha huuliza kijana kapangiwa shule gani.