Bonde katika Mchoro wa Pumzi

Wajao kwangu na karatasi ya spirometa mkononi, aghalabu watu waliokwisha kuvuka miaka 40, huninyoshea kidole penye bonde lililo katika mteremko wa mchoro na kuniuliza swali lile lile: je, bonde hili ni la pumu, au ni la ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao karatasini huandikwa COPD? Mara nyingi swali hilo hawakulitunga wao, bali wamelipokea kwa mtu aliyetazama karatasi moja, akaona bonde, akakata shauri, na mgonjwa akaenda zake na dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Swali lenyewe ni batili, wala sina haja ya kulilainisha neno hili, kwani karatasi iliyopigwa kabla mgonjwa hajavuta dawa ya kufungua kifua haina jibu lake.

Mchoro ule huonyesha kwa wima kasi ya hewa itokayo kinywani, lita kwa kila sekunde, na kwa ulalo ujazo wa hewa iliyokwisha toka. Mtu mwenye mapafu ya afya, akijaza pumzi hadi ukomo kisha akaipuliza kwa nguvu zake zote, mstari wake hupanda ghafula hadi kilele, ukateremka karibu kwa kunyooka hadi pumzi imalizike. Zikibana njia za hewa, mteremko huo hubonyea katikati mithili ya kitanda cha kamba kilicholegea, maana hewa ya vijia vidogo vya ndani hutoka kwa taabu na kwa kuchelewa. Bonde, basi, latuambia kwamba hewa inazuiwa kutoka. Ni nani aizuiaye, halisemi.

Wako wanaodai kwamba mwenye jicho lililozoea huyatambua maradhi kwa umbo la bonde: likipinda pole pole ni pumu, na kilele kikiwa chembamba, mstari ukaanguka mara moja kisha ukaburura mkia mrefu karibu na ardhi, ni COPD. Dhana hii ina asili yake, na ndiyo sababu haifi. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi kwa miaka mingi hupoteza kuta zile nyembamba zilizokuwa zikivishika vijia vya hewa visifumbe, hata mtu apulizapo kwa nguvu, vijia hivyo hujifumba kwa kani ile ile ya kupuliza, na hapo ndipo mstari unapoanguka. Lakini mwenye pumu aliyebanwa sawasawa, ambaye misuli ya njia zake imekaza, utando umevimba na makohozi yamejaa, huchora mkia ule ule. Na mwenye COPD aliye mwanzoni mwa maradhi huchora bonde la upole lisilomtisha mtu. Fauka ya hayo, makovu ya kifua kikuu kilichokwisha pona nayo huchimba bonde lake. Atoaye hukumu kwa umbo peke yake anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake hulipwa na pumzi ya mtu mwingine.

Tuchukue karatasi mbili. Ya kwanza ni ya seremala wa miaka 31. Ya pili ni ya mama wa miaka 57 ambaye maishani hakugusa sigara, illa tangu usichana wake amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Seremala, hewa ya sekunde yake ya kwanza, yaani FEV1, ni lita 1.90, na hewa yote aliyoitoa, yaani FVC, ni lita 3.50, ukigawa ya kwanza kwa ya pili wapata 0.54. Mama ana 1.20 kwa 2.30, nayo ni 0.52. Mabonde yao yanafanana hata ukiyaweka pamoja kwenye mwanga wa dirisha huwezi kuyatenga. Kila mmoja akavutishwa salbutamoli mara 4, maikrogramu 100 kila mara, moja moja kupitia chupa ya kuvutia dawa, wakakaa dakika 15, wakapuliza tena. Seremala akafika 2.80 kwa 3.70, mgawanyo ukapanda hadi 0.76 na bonde likajaa karibu lote: zimeongezeka mililita 900, kiasi cha asilimia 47 ya alipoanzia, na hiyo ni pumu ambayo haihitaji ubishi. Mama akafika 1.35 kwa 2.50, mgawanyo 0.54, bonde liko pale pale.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mililita 150 alizoongeza mama yule ni asilimia 12.5, nao wasomao asilimia peke yake hupiga kelele kwamba kifua kimefunguka, kwa hiyo ni pumu. Kanuni ya mwaka 2005 iliyotumika kwa muda mrefu ilitaka asilimia 12 na mililita 200, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu mwenye pumzi ndogo huipata asilimia kwa ongezeko dogo mno. Kanuni mpya hupima ongezeko dhidi ya kiasi anachotarajiwa kuwa nacho mtu wa umri, kimo na jinsia yake, nayo hutaka lizidi asilimia 10. Mama anatarajiwa lita 2.20 hivi, basi ongezeko lake halifiki hata asilimia 7. Nafuu aliyoihisi ni ya kweli, na dawa asinyimwe, ila nafuu si ushahidi wa pumu.

Na kabla ya kuamini tarakimu yoyote, utazame mstari wenyewe. Kilele kikiwa kimelala na kufubaa, mgonjwa hakupuliza kwa nguvu. Mstari ukikatika wima mwishoni badala ya kufifia, aliacha kabla ya wakati, FVC ikatoka pungufu, na mgawanyo ukapanda kwa uongo hata ukaficha maradhi. Meno meno katikati ni kikohozi. Sharti yapatikane mapulizo matatu yanayokubalika, na mawili yaliyo bora yasipishane kwa zaidi ya mililita 150. Hali kadhalika, aliyevuta pampu yake asubuhi ile ile akaja kupimwa, karatasi yake ya "kabla ya dawa" si ya kabla ya dawa. Dawa ya muda mfupi iachwe saa 4 hivi, maadamu hali inaruhusu.

Hata kwa kipimo kilichofanywa vyema, mpaka si ukuta. Mwenye pumu aliyepimwa siku ya amani huweza kutoa mchoro usio na doa, na pumu iliyoachwa miaka mingi bila tiba huweza kugeuka bonde lisilojaa. Wako pia wenye COPD ambao siku moja huvuka kiwango na siku nyingine wasikivuke. Ndipo tabibu anapouliza yaliyo nje ya karatasi: dalili zilianza utotoni au uzeeni, huja na kwenda au zinazidi mwaka hata mwaka, moshi gani ulivutwa na kwa muda gani.

Basi, kwa ufupi. Aliye na shaka apime kasi ya pumzi kwa kifaa cha mkononi asubuhi na jioni kwa wiki mbili, au atibiwe kwa steroidi ya kuvuta kwa wiki kadhaa kisha apulize tena. Pumu ikithibiti, steroidi ya kuvuta ndiyo tiba, wala asiachwe na salbutamoli peke yake. COPD ikithibiti, moshi ukomeshwe kwanza, uwe wa sigara au wa kuni, zifuate dawa za kufungua kifua za muda mrefu, mazoezi ya kutembea, na chanjo. Zikionekana dalili za yote mawili, steroidi isiondolewe. Anayekohoa damu apimwe makohozi kwanza, na aliyepatwa na shambulio la moyo karibuni asipulizishwe spirometa kabisa hadi daktari wake aruhusu.