Kiungo Kinachokufa Kabla ya Siku Zake

Faili lililofungiwa katika hifadhi ya Amazon S3 laweza kupakuliwa na mtu asiye na akaunti, mradi apewe kiungo chenye saini. Kiungo hicho hubeba jina la faili, muda wa uhai wake na saini iliyokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Ukibadilisha jina la faili, seva inakataa. Muda hauzidi siku 7, yaani `X-Amz-Expires=604800`.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Kiungo kikitiwa saini kwa ufunguo wa saa 1, hufa pamoja nao, hata kikiandikwa siku 7. Utaona `ExpiredToken`, kilichomaliza muda wake chenyewe huonyesha `Request has expired`.

Kabla ya hapo, yeyote aliye nacho hukitumia. Usikirushe kwenye kundi la WhatsApp.