Kahawa Kabla ya Mbio: Kiasi Gani na Saa Ngapi?

Mwaka 1978 David Costill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, waliwapandisha waendesha baiskeli wa mashindano kwenye baiskeli za maabara, wakawaambia wakanyage mpaka nguvu ziwaishie. Siku moja walikuwa wamekunywa kahawa yenye miligramu 330 za kafeini saa moja kabla ya kuanza. Siku nyingine walikunywa kahawa iliyoondolewa kafeini. Bila kafeini walidumu kama dakika 75. Wakiwa nayo walifika 90.

Dakika 15 za ziada kwa kahawa tu! Ndipo habari zikaenea, na ndipo matumaini yalipoanza kupita kiasi. Ukweli ni kwamba hakuna mashindano ya kukanyaga mpaka udondoke. Mbio zina urefu wake, na anayeshinda ni anayezimaliza mapema. Watafiti waliopima kwa mtindo huo, yaani umbali uleule kwa muda mfupi zaidi, wamekuwa wakipata nafuu ya kama asilimia 2 hadi 4. Anayekimbia kilomita 10 kwa saa moja, asilimia 2 kwake ni dakika moja na sekunde chache. Kwa anayetafuta medali hiyo ni zawadi kubwa. Kwa anayekimbia ili kupunguza kitambi, si jambo la kumkosesha usingizi.

Costill alidhani kafeini inaufanya mwili uchome mafuta zaidi na kubakiza sukari ya misuli. Maelezo hayo bado yanasikika vijiweni, ingawa wataalamu wengi sasa wanautazama zaidi ubongo. Tunapofanya kazi, mwili hutengeneza kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo huuambia ubongo kwamba tumechoka. Kafeini hukaa kwenye viti vya adenosini, ujumbe usifike vizuri. Miguu inafanya kazi ileile, ila wewe unaiona nyepesi kidogo, basi unaongeza mwendo bila kujilazimisha. Imani nayo ina sehemu yake: wapo wanamichezo walioongeza kasi kwa kuambiwa tu kwamba wamepewa kafeini, kumbe hawakupewa kitu.

Tuje kwenye kipimo, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kipimo kinachotumika katika michezo ni miligramu 3 hadi 6 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na wengine huona mabadiliko hata kwa 2. Ukifika 9 hupati kasi zaidi. Unachoongeza ni mtetemeko na moyo kwenda mbio. Ushauri wangu ni kuanzia 3 na kuridhika hapo kama inatosha.

Tumchukue dada mwenye kilo 60 anayejiandaa kwa nusu marathoni kule Moshi. Tatu mara sitini ni miligramu 180. Atazipataje kwenye kikombe? Weusi wa kahawa haumwambii kitu, wala uchungu wake, kwa sababu vyote viwili hutokana zaidi na jinsi ilivyokaangwa. Finjani ya muuza kahawa ni tamu kwa mazungumzo lakini haipimiki: ya kwanza kutoka kwenye birika na ya mwisho iliyokaa mkaani saa nzima si kitu kimoja. Cha kupima ni unga wenyewe kabla haujaingia majini.

Kahawa ya arabika, ile ya Kilimanjaro au Nyeri, ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake. Gramu 15 za unga, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, zina miligramu 180 hivi, na maji ya moto huvuta sehemu kubwa ya kafeini hiyo. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera na Uganda, ina karibu mara mbili. Kwa hiyo vijiko vile vile vitatu vya robusta vitampa dada yetu kama miligramu 300 au zaidi, naye atajiuliza kwa nini leo mikono inatetemeka wakati amekunywa kama kawaida. Mwenye kahawa ya kuyeyuka ahesabu kama miligramu 60 kwa kijiko cha chai cha gramu 2. Kama ana kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, nalo liingie kwenye hesabu: mililita 250 mara nyingi hubeba miligramu 80.

Sasa saa. Kafeini huanza kuingia kwenye damu ndani ya dakika chache, na kwa watu wengi hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja. Mbio zikianza saa 1 asubuhi, dada yetu anywe saa 12. Kunywa kwenye mstari wa kuanzia ni kuchelewa, ingawa kwenye nusu marathoni kafeini bado itamkuta njiani. Saa ile moja ina faida nyingine wasiyoiandika kwenye mabango: kahawa huamsha utumbo mkubwa, na ni heri haja imkute nyumbani kuliko kilomita ya sita. Akiitanguliza na kipande cha mkate au ndizi, tumbo litatulia zaidi. Asihofu kwamba kikombe hicho kitamkausha maji. Kwa kiasi hiki mkojo hauongezeki kiasi cha kumdhuru.

Je, ile mihemko ni dalili kwamba kahawa inafanya kazi? Hapana. Unaweza kupata nafuu yote bila kuhisi chochote zaidi ya kuchangamka. Siku ya mashindano mwili tayari umejaa homoni ya hofu, na kahawa huongeza juu yake, ndiyo maana kipimo kilichokuwa sawa mazoezini kinaweza kuzidi siku hiyo. Jitazame ukiwa umekaa. Vidole vikitetemeka unapofunga kamba za viatu, moyo ukidunda ukausikia na tumbo likivuruga, umezidisha. Dalili nyingine ni ya hila: kilomita ya kwanza inakwenda kasi kuliko ulivyopanga na unaiona rahisi. Hapo tazama saa, usisikilize mwili, maana ujumbe wa uchovu umezuiwa na utakuja kulipia kilomita ya 15. Kwa sababu hizi zote, kipimo kijaribiwe kwenye mazoezi marefu kabla, kwa unga uleule na saa ileile.

Wapo wasiopaswa kujaribu bila kumuuliza daktari: mwenye moyo unaoruka mapigo, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, na mjamzito, ambaye hashauriwi kuvuka miligramu 200 kwa siku nzima. Anayemeza siprofloksasini ajue kwamba dawa hiyo hulizuia ini kuvunja kafeini, hivyo kikombe kimoja humkaa kama viwili.

Wanaocheza mpira au kwenda jimu jioni wana hesabu tofauti. Nusu ya kafeini huhitaji kama saa tano kutoka mwilini, wengine zaidi. Dada wa kilo 60 akinywa miligramu 180 saa 11 jioni, saa 4 usiku atakuwa bado na 90, sawa na mtu aliyekunywa kikombe cha kawaida kisha akapanda kitandani. Misuli hujengwa upya usingizini, na kwa mazoezi ya kila siku ya jioni mimi ningeiacha kahawa kabisa, nikaihifadhi kwa mbio za asubuhi.