Dereva Mzoefu Anaporudishwa Kwenye Nadharia

Mtu aliyeendesha daladala Dar es Salaam kwa miaka 20 akahamia Uingereza, huko ni dereva mpya. Leseni ya Tanzania au ya Kenya humruhusu kuendesha gari miezi 12 tu tangu awe mkazi, na haibadilishwi kwa ya Kiingereza bila mtihani. Akifaulu, anaingia katika sheria ya madereva wapya iliyoanza kutumika mwaka 1997: akifikisha pointi 6 za makosa ndani ya miaka 2, leseni inafutwa.

Pointi 6 hupatikana upesi. Tuseme gari limesimama kwenye taa nyekundu, dereva akashika simu asome ujumbe, na askari akamwona. Kosa hilo moja ni faini ya pauni 200 na pointi zote 6. Barua ya kumfutia leseni hutoka DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, bila hakimu kuamua lolote kuhusu leseni hiyo. Kinachotazamwa ni tarehe ya kosa, hivyo kuvuta kesi hadi miaka miwili iishe hakusaidii.

Kufutiwa huku si kufungiwa. Hakuna miezi ya kusubiri: mhusika anaweza kuomba mara moja leseni ya kujifunzia, akabandika herufi L, akaendesha akiwa na msimamizi mwenye umri wa miaka 21 au zaidi na leseni ya miaka 3. Ila hawezi kupanga mtihani wa barabarani kabla ya kufaulu nadharia upya. Cheti cha zamani hakihesabiki.

Nadharia hugharimu pauni 23, na huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 50 kwa dakika 57, na lazima apate 43. Hapo mazoea ya usukani hayatoshi, maana huulizwa mambo kama umbali wa kusimama: mita 23 kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, mita 96 kwa maili 70.

Sehemu ya pili ndiyo yenye mitego. Ni video fupi 14 zenye hatari 15, na mtahiniwa hubofya kipanya anapoona hatari ikianza kujitokeza. Akiwahi dirisha la alama anapata 5, akichelewa zinapungua hadi sifuri. Mzoefu huweza kuhisi hatari kabla dirisha halijafunguka, akabofya mapema na kukosa alama. Akibofyabofya ovyo, video hiyo inampa sifuri. Anahitaji alama 44 kati ya 75, na akianguka sehemu moja hurudia zote mbili.

Tafsiri ya sauti kwa lugha za kigeni iliondolewa mwaka 2014, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hufanya kwa Kiingereza.

Akishafaulu pia barabarani, ile miaka 2 haianzi upya. Pointi 6, hata hivyo, hubaki kwenye leseni. Akiongeza 6 nyingine ndani ya miaka 3, mahakama humfungia, kwa kawaida miezi 6.