Kipandauso hakijulikani kwa upande tu

Mwambie mtu kwamba kichwa kinakuuma upande mmoja na hatakawia kukupa jina la ugonjwa: hicho ni kipandauso. Mwambie kinauma kote, atasema ni mawazo, au malaria, au presha. Mgawanyo huu wa upande mmoja na pande zote umeenea sana, na una ukweli kiasi, lakini ukiutegemea peke yake utakosea mara nyingi. Karibu watu wanne kati ya kumi wenye kipandauso huumwa pande zote mbili. Wengine huanza kuumwa kisogoni na shingoni, wakaenda kukandwa wakidhani wamelala vibaya.

Ndiyo maana mgonjwa akishaeleza kichwa kinauma wapi, mimi humuuliza swali jingine: kikikushika, unafanya nini? Jibu la swali hilo hunisaidia kuliko picha yoyote ya kichwa. Mwenye kipandauso hutafuta chumba chenye giza, hulala bila kujigeuza, na huwaomba watoto wanyamaze. Mwenye maumivu ya kichwa ya mkazo, yaani yale yanayobana kuzunguka kichwa kama kitambaa kilichokazwa, hulalamika lakini huendelea na kazi. Ataosha vyombo, atapanda daladala, atakula chakula chake cha jioni.

Madaktari wana vigezo vilivyoandikwa kwa ajili ya hili, vya Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Kwa upande wa maumivu yenyewe, kipandauso kina sifa nne: kuuma upande mmoja, kupwita kwa mapigo, kuuma kwa ukali wa kati au mkubwa, na kuzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi. Zinatakiwa mbili tu kati ya hizo nne, kwa hiyo mtu anaweza kukosa kabisa upande mmoja na bado akawa na kipandauso. Jambo lisilokosekana ni kinachoambatana na maumivu: ama kichefuchefu au kutapika, ama kuchukia mwanga na kelele kwa pamoja. Shambulio lisipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, na daktari hutaka kusikia kwamba limeshatokea angalau mara tano kabla ya kulipa jina.

Maumivu ya mkazo karibu yanapingana na hayo moja baada ya jingine. Hukamata pande zote mbili, hubana badala ya kupwita, ni ya wastani, na kutembea hakuyaongezi. Yanaweza kuisha baada ya nusu saa au yakadumu hata siku saba. Mtu anaweza kuchukia mwanga kidogo, au kelele kidogo, lakini si vyote viwili, na hatapiki. Katika shambulio la kawaida la mkazo hata kichefuchefu hakipo.

Kwa nini tumbo na macho vihusike na maumivu ya kichwa? Kwa sababu kipandauso si maumivu peke yake. Ni shambulio la ubongo ambalo maumivu ni sehemu yake moja. Mishipa ya fahamu inayohudumia uso na utando unaofunika ubongo huamka na kumwaga kemikali zinazoifanya mishipa ya damu ya utando huo itanuke na iwe nyepesi kuuma. Hapo kila kutikisika kwa kichwa, hata kukohoa, huhisiwa kama maumivu. Taarifa hizo hupita kwenye shina la ubongo, karibu na sehemu zinazoamuru kutapika, na tumbo nalo hupunguza kasi ya kusukuma chakula.

Kuhusu mwanga, kuna utafiti wa mwaka 2010 wa kundi la Rami Burstein, Boston, ambao naupenda kwa jinsi ulivyo wazi. Walichunguza vipofu wenye kipandauso. Wale ambao macho yao hayakuwa yakipeleka taarifa yoyote ya mwanga kwenye ubongo hawakusumbuliwa na mwanga wakati wa shambulio. Wale wasioweza kuona maumbo lakini ambao macho yao bado yalihisi mchana na usiku, maumivu yao yalizidi kwenye mwanga. Katika wanyama watafiti hao walikuta chembe za ubongo zinazopokea taarifa za jicho na za utando wa ubongo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgonjwa anapofunga pazia hadeki. Mwanga kweli unamwongezea maumivu.

Tumchukue fundi cherehani wa miaka 31, mfano nilioujenga kutokana na wagonjwa wa aina yake wanaofika kliniki. Anasema ana "kichwa sugu", na ameshatibiwa malaria mara tatu mwaka huu. Nikimwomba asimulie shambulio moja tu, la mwisho, mambo hubadilika. Lilianza alfajiri, siku moja kabla ya hedhi, nyuma ya jicho la kushoto na kisogoni. Ilipofika saa tatu asubuhi kichwa kilikuwa kinapwita, na alipoinama kuokota mkasi chini ya meza kilizidi mpaka akashika ukuta. Alitapika mara mbili. Alitundika kanga dirishani na redio ya jirani ilimkera mno. Kesho yake asubuhi maumivu yalikuwa yameisha, mwili umechoka.

Hapo sifa zote nne za maumivu zipo, na kichefuchefu, mwanga na kelele vipo. Lakini ana simulizi la pili. Siku za oda nyingi za harusi, jioni, kichwa humbana paji la uso mpaka kisogoni. Hata hivyo anashona, taa ya mashine haimsumbui, anakula, na akilala kinaisha. Hicho si kipandauso kidogo. Ni maumivu ya mkazo. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu akiulizwa "kichwa chako kikoje?" anachanganya sifa za viwili kwenye jibu moja.

Na malaria? Kipandauso hakileti homa, na kipimo cha haraka cha malaria kinatoa majibu kwa dakika chache. Mama huyu hakuwahi kuwa na joto, lakini kila alipotumia dawa mseto alipona, basi akaamini. Dozi ya dawa mseto ni ya siku tatu. Kipandauso nacho, hata kisipotibiwa, hakivuki siku tatu kwa kawaida. Shambulio lingeisha lenyewe, na sifa ikaenda kwa dawa. Ndivyo watu wanavyotibiwa malaria wasiyokuwa nayo miaka na miaka. Presha nayo husingiziwa: iliyopanda kidogo kwa kawaida haiumizi kichwa, na mtu mwenye maumivu makali akipimwa, presha inaweza kupanda kwa sababu ya maumivu hayo.

Fundi huyo nilimpa daftari. Kila siku ya kichwa aandike saa kilipoanza na kilipoisha, kama alilala au aliendelea na kazi, na dawa alizomeza. Mwezi ulipoisha daftari lilikuwa na siku 3 za kulala gizani, siku 8 za kubanwa jioni, na siku 16 za vidonge. Hesabu hailingani, na katika tofauti hiyo ndimo ugonjwa wa tatu unamojificha: siku tano alimeza paracetamol asubuhi bila maumivu, "kujikinga" kabla ya kwenda kazini. Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye kafeini ndani zinazouzwa kila duka, kikomo ni siku 10. Tiba ya hali hiyo ni kupunguza vidonge, na wiki za kwanza huwa ngumu, kwa hiyo ifanywe na daktari akijua.

Kujua aina kunabadilisha pia namna ya kumeza dawa. Kwa kipandauso muda ni kila kitu. Mtu mzima anaweza kumeza ibuprofen miligramu 400 au paracetamol miligramu 1,000, lakini ameze mapema, maumivu yanapoanza, kwa sababu baadaye tumbo limeshapunguza kasi na kidonge kitakaa humo bila kuingia kwenye damu. Wengi wanaosema "dawa hizi hazinisaidii" wamezimeza saa nne baadaye, wakatapika. Kwao daktari huongeza dawa ya kuzuia kichefuchefu, ambayo pia huharakisha tumbo, au huwapa dawa maalumu za kipandauso kama sumatriptan, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Ibuprofen haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mjamzito bila ushauri wa daktari, na mtu mwenye homa inayoshukiwa kuwa dengi aiache kabisa. Mashambulizi yakifika siku nne au zaidi kwa mwezi, kuna dawa za kumeza kila siku za kuyazuia, kama propranolol au amitriptyline kwa dozi ndogo.

Kwa kichwa cha mkazo kidonge kimoja mara mojamoja hakina ubaya. Kikizidi, tazama zaidi urefu wa meza, taa, usingizi na saa za kukaa umeinama.

Ukitaka kujipima nyumbani, maswali matatu yanatosha kuanzia. Katika miezi mitatu iliyopita, je, kichwa kimekuzuia kufanya kazi au masomo kwa siku moja au zaidi? Kikiuma, unapata kichefuchefu? Mwanga unakusumbua kuliko siku nyingine? Ukijibu ndiyo kwa mawili, mwambie daktari hivyo kabla hujamwambia ni upande gani. Kama kabla ya maumivu huona mistari inayometameta au sehemu ya unachokitazama hupotea kwa dakika kadhaa, litaje hilo pia, hasa kwa mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana kwake hatari ya kiharusi huongezeka na itabidi abadilishiwe njia.

Yote haya yanahusu kichwa ulichokizoea. Kichwa kinacholipuka na kufika kilele ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50 au mwenye kinga iliyopungua, na maumivu makali kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, hayaandikwi daftarini kusubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.