Supaseti na dropseti kwa mwenye nusu saa

Lodwar si mji wa kunyanyua vyuma mchana. Siku nyingi joto hupita nyuzi 35, na jimu yenye paa la mabati huwa na joto kuliko nje. Kwa hiyo mwenye ajira hubaki na nusu saa ya alfajiri au ya jioni, na ndipo swali la supaseti na dropseti linapokuja: je, kweli zinaokoa muda, au zinachosha tu?

Tuanze na supaseti, kwani ndiyo yenye faida kubwa. Ni kufanya mazoezi mawili mfululizo, kisha kupumzika mara moja. Tuseme mwalimu mmoja ana mazoezi manne: benchi presi, kuvuta chuma tumboni akiwa ameinama, skwoti na pulapu, kila moja seti tatu. Seti huchukua kama sekunde 40. Akifanya seti moja moja na kupumzika dakika mbili kila baada ya seti, seti 12 zitamchukua dakika 8 na mapumziko 11 dakika 22. Jumla ni nusu saa, kabla hajapasha mwili joto.

Sasa aunganishe benchi na kuvuta, kisha skwoti na pulapu. Raundi zinakuwa sita. Kila raundi, pamoja na kuhama kutoka zoezi moja hadi jingine, ni kama sekunde 100, na mapumziko ya dakika mbili yanabaki matano. Anamaliza kwa dakika 20. La kutazama zaidi ni kifua chake: hakikunyang'anywa pumziko. Wakati mgongo unavuta, kifua kimetulia, kisha kinapata dakika mbili nyingine. Kimepumzika karibu dakika tatu, zaidi kuliko mwanzo. Muda uliopotea ni ule wa kukaa kwenye benchi akitazama simu.

Faida hiyo hupotea ukiunganisha misuli ileile. Benchi ikifuatwa na pushapu, kifua na mikono ya nyuma hufika kwenye zoezi la pili vikiwa vimechoka, na idadi ya marudio hushuka sana. Kipimo ni rahisi: andika marudio yako. Ukiwa na kumi katika raundi ya kwanza na sita katika ya pili kwa uzito uleule, mazoezi hayo mawili yanagombana, au mapumziko ni mafupi mno. Jozi yenye skwoti huhitaji muda zaidi kwa sababu pumzi huisha kabla ya misuli, na joto la Turkana huongeza hilo. Hapo mpe mtu dakika tatu, hata kama saa inakimbia.

Dropseti ni jambo jingine. Unanyanyua hadi ushindwe, unapunguza uzito kwa kama asilimia 20, na kuendelea bila kupumzika, mara moja au mbili. Inafanya kazi kwa sababu misuli iliyoshindwa na kilo 20 bado ina nguvu ya kilo 16. Tafiti zilizolinganisha dropseti na seti za kawaida zimeona misuli ikikua kwa kiwango kinachokaribiana, kwa muda mfupi zaidi. Kukua zaidi hakujathibitika, na anayetafuta nguvu ya kunyanyua uzito mkubwa kabisa afadhali apumzike vizuri na kunyanyua uzito huo.

Ukiwa Kakuma na vyuma vya mtaani, yaani bomba lenye makopo ya saruji pande zote mbili, dropseti ya kawaida haiwezekani: saruji haipunguziki. Punguza mkao badala ya uzito. Anza pushapu miguu ikiwa juu ya benchi, endelea hadi ushindwe kufanya moja safi. Shusha miguu chini, endelea. Ukishindwa tena, weka mikono kwenye benchi na miguu chini, umalizie. Ni seti moja ya mwisho, na inatosha kwa kifua siku hiyo. Usijaribu hivyo kwenye skwoti, maana mgongo uliochoka huinama kabla hujajua.

Mapitio ya utafiti ya Vegard Iversen na wenzake, yaliyochapishwa 2021, yanapendekeza angalau seti nne kwa wiki kwa kila kundi la misuli, na yanasema supaseti na dropseti zinaweza kupunguza muda kwa karibu nusu. Kwa hiyo mwalimu wetu akija mara mbili kwa wiki na jozi zake mbili, kifua na miguu vinapata seti sita, na mgongo, unaofanya kazi katika mazoezi mawili, unapata 12. Kwake supaseti ndizo za kila siku, na dropseti ni ya seti ya mwisho ya kifua au mikono.

Dalili za kumfanya aache siku hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, au vinyweleo kusimama na baridi ilhali kuna joto. Akiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi siku moja au mbili baada ya seti za kujichosha kabisa, huenda misuli yake imevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini: aende hospitali mara moja, asisubiri maumivu yapoe.