Maji ya Nairobi hayafiki nyuzi 100

Kipimajoto cha sindano, kile kinachochomekwa ndani ya nyama kuona kama imeiva katikati, huharibika kimyakimya. Kikidondoka sakafuni mara moja, kinaweza kuendelea kuonyesha namba kama kawaida, ila namba zisizo za kweli. Dawa ni kukijaribu kwa vitu viwili ambavyo joto lake linajulikana: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka.

Anza na barafu. Iponde, ijaze bilauri mpaka juu, kisha mimina maji baridi ya kujaza mianya tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatupia vipande vitatu katika maji tele, maji ya chini yanabaki na nyuzi mbili tatu, halafu lawama zinaangukia kipimajoto kizima. Koroga, subiri dakika chache, tumbukiza sindano katikati bila kugusa bilauri, ungoje namba itulie. Isome 0, ikipishana kwa nyuzi 1, si neno. Chumvi isiingie, kwani hushusha joto chini ya sifuri.

Mtego uko kwenye maji ya moto. Shuleni tuliambiwa yanachemka kwa nyuzi 100, na kwa Mombasa au Dar es Salaam ni kweli. Ukipanda milimani, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema, karibu nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Nairobi, iliyo kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yanatokota kwa takriban nyuzi 94.

Sasa mchukue mpishi wa Nairobi mwenye kipimajoto cha mshale kilicho kizima kabisa. Anakitia katika maji yanayotokota, kinasoma 94. Anashika spana, anazungusha nati iliyo nyuma ya uso wake mpaka mshale ufike 100. Tangu hapo kinazidisha nyuzi 6. Jioni anapima paja la kuku, anaona 74, kiwango kinachohesabiwa salama kwa kuku, anaepua. Ndani ya nyama ni 68. Angekirudisha kwenye barafu angeona 6 badala ya 0, na kosa lingefichuka, kwa sababu barafu huyeyuka kwa sifuri pwani na bara vilevile.

Hata kipimajoto sahihi hutaka mkono unaojua. Cha mshale hupima kwa sentimita 5 hivi za sindano, si ncha peke yake. Nyama nyembamba ichomwe kwa ubavuni. Tafuta sehemu nene zaidi, mbali na mfupa. Ukitoka kwenye nyama mbichi, osha sindano na uipanguse kwa spiriti kabla ya kugusa iliyoiva.

Vya kidijitali vingi havina nati. Chako kikipishana nyuzi 2 au zaidi kwenye barafu, na hakina kitufe cha kukirekebisha, nunua kingine.